Kadi ya Harusi Ipungue Maneno, Saa na Sare Zibaki



Sisi tuko bara, Kahama, mkoa wa Shinyanga. Duka letu ni dogo na kazi zake ni mbili: mmoja wetu yuko kwenye cherehani, anashona sare za harusi, na wifi yake yuko kwenye kompyuta, anapanga kadi. Wateja wetu wanatoka Shinyanga mjini, Bulyanhulu, Katoro na Geita, na siku hizi wanakuja pia mabibi harusi wanaoolewa na vijana wa Unguja na Pemba waliofuata kazi na biashara huku kwenye dhahabu. Kwa hiyo kadi moja inasomwa na shangazi wa Mjini Unguja, jirani Msukuma asiye Mwislamu, na kaka aliyeko machimboni Nyarugusu mwenye simu ya kitochi. Hapo ndipo maneno ya kadi yanapoanza kuleta kazi.

Tuwaeleze ya binti mmoja wa Geita. Majina tunayahifadhi. Harusi yake ilipangwa wikiendi ya tarehe 7 Februari 2026, ndani ya Shaaban, kabla Ramadhani haijaingia. Baba yake ni marehemu, na walii wake ni baba mdogo, ambaye ndiye aliyegharamia sehemu kubwa ya shughuli na ndiye aliyeandika maneno ya kadi kwa mkono wake. Binti alitutumia picha ya karatasi ile kwa WhatsApp, na chini yake akaandika: "Dada zangu, ni ndefu mno, lakini nikimgusa neno lake atasema sina adabu kwa kuwa baba hayupo."

Karatasi ilisomeka hivi:

"Kwa heshima kubwa na taadhima, na kwa furaha isiyo kifani iliyotujaa vifuani, familia mbili tukufu za Bwana na Bibi Fulani wa Geita na Bwana na Bibi Fulani wa Unguja, zikishirikiana na kamati nzima ya maandalizi, ndugu, jamaa, marafiki na majirani, zinayo heshima kukualika Bw./Bi./Bw. na Bi. ............ katika hafla kabambe ya harusi ya watoto wao wapendwa, ambapo nikaha itafungwa Jumamosi tarehe 7 Februari 2026 sawa na 19 Shaaban 1447 baada ya sala ya Alasiri, Msikiti wa Ijumaa Geita, hina itakuwa usiku wa Jumamosi nyumbani kwa bibi harusi, Nyankumbu, na walima ya akina mama Jumapili saa 2:00 mchana ukumbini. Wageni wa Mwanza wawahi kivuko cha Busisi. Sare: zambarau na dhahabu. Kufika kwako ndiko kufanikisha shughuli yetu. ANGALIZO: Watoto hawaruhusiwi kabisa. Asiye na kadi hataingia. Asiye na sare asikae meza za mbele. Kupiga picha ni marufuku."

Mtu akiambiwa apunguze kadi kama hii, mkono unakwenda kwenye vipande virefu vya mambo: anwani, saa, maelezo ya nguo. Maneno kama "furaha isiyo kifani" yanaachwa kwa sababu yanapendeza. Sisi tunafanya kinyume. Kwanza tunachukua kalamu nyekundu na kupiga mstari chini ya kila neno litakalomfanya mgeni atende jambo: atoke nyumbani lini, aende wapi, avae nini, aje na nani. Hayo hatuyapunguzi mpaka tujue kama ni sahihi. Na kwenye karatasi ile, karibu kila tulichokipigia mstari kilikuwa na tatizo.

Tuanze na "saa 2:00 mchana". Jiulizeni, saa mbili ya mchana ni ipi? Saa mbili ni ya asubuhi au ya usiku, mchana haina. Kilichotokea ni kwamba mtu alitazama saa ya simu, akaona 2:00, akaongeza neno "mchana". Alikusudia saa 8:00 mchana. Kosa hili tunalikuta mara nyingi, hasa kadi ikinakiliwa kutoka kiolezo cha Kiingereza, na dawa yake ni kusoma saa pamoja na kipindi chake. "Saa 4:00 jioni" haipo, jioni ni saa kumi hadi kumi na mbili. "Saa 10:00 usiku" ipo, lakini ni wakati wa daku, hakuna walima ya wakati ule. Saa na kipindi visipokubaliana, mmoja wao anadanganya, na mwenye shughuli ndiye wa kuulizwa. Usibahatishe mwenyewe.

Tukaja kwenye "baada ya sala ya Alasiri". Ni maneno mazuri, ya kwetu, na kwa watu wa mji mmoja yanatosha kabisa. Lakini Geita iko magharibi ya Unguja kwa nyuzi kama saba za longitudo, na kila nyuzi moja ni dakika nne za jua. Jua linachelewa huku karibu nusu saa, na saa zetu za ukutani ni zile zile. Wiki ile ya Februari Alasiri ya Unguja inaingia karibu saa 10:00 kasoro dakika tano hivi, na ya Geita inakaribia saa 10:30. Mgeni wa Unguja anayefuata hesabu ya kwao atafika msikitini mapema na kukaa akishangaa, na hilo si baya sana. Baya ni la upande wa pili: kadi ya harusi ya Unguja ikisomwa na ndugu wa Geita, huyo atachelewa na atakuta ndoa imeshafungwa. Kwa hiyo tunaandika saa, na sala tunaiweka pembeni kama tunataka: "saa 11:00 jioni, baada ya Alasiri". Maneno yameongezeka, na tunayaacha yaongezeke.

Tarehe ya Hijria nayo tuliigusa. Kadi inachapwa wiki nne au tano kabla, na mwezi haujaandama. Mtu akiandika "19 Shaaban", huenda siku yenyewe ikawa 18 au 19 kulingana na mwandamo, na kwa wanaofuata mwandamo wa mahali mbalimbali jambo linakuwa gumu zaidi. Tuliandika "Shaaban 1447" tu, bila siku. Baraka ya mwezi imebaki na hakuna atakayebishana.

Sasa hina. "Usiku wa Jumamosi." Hapa ndipo tulipopata njia ya kuzungumza na baba mdogo bila kumvunjia heshima. Alikuja dukani mwenyewe, amevaa koti, amekaa kwenye kiti cha wateja, amekunja uso. Hatukumwambia kuwa kadi yake ni ndefu. Tulimwomba: "Baba, tuseme wewe ni mgeni, umepewa kadi hii. Hina utakuja siku gani?" Akajibu bila kufikiri kwamba ni Jumamosi, jua likishazama, baada ya nikaha. Tukampigia simu shangazi wa bwana harusi aliye Unguja, tukaweka sauti ya juu, tukamsomea mstari ule ule. Shangazi akasema, "Ijumaa jioni, mwanangu. Usiku wa Jumamosi si ndio unaokuja kabla ya Jumamosi?"

Na wote wawili walikuwa sahihi kwa lugha yao. Kwa watu wa pwani na visiwani, siku inaanza magharibi, kama ilivyo katika hesabu ya dini. Usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, ndio unaosomwa Yasini. Huku bara watu wengi wanahesabu usiku kuwa mkia wa mchana uliopita. Baba mdogo mwenyewe alikusudia hina iwe Ijumaa, kabla ya nikaha, kwa sababu hina haipakwi baada ya ndoa kufungwa. Alikuwa ameandika Kiswahili alichokisikia kwa wakwe na kukisoma kwa masikio ya Geita. Alinyamaza kidogo, kisha akavua koti akasema, "Haya, endeleeni."

Tuliandika "Ijumaa 6 Februari, saa 2:00 usiku". Tarehe ikiwa pamoja na jina la siku, usiku hauna ubishi. Kama mnapenda "usiku wa kuamkia Jumamosi", ongezeni, lakini tarehe isikosekane.

Mstari wa kivuko ulitufanya tucheke. Tangu Juni 2025 mabasi ya Mwanza kwenda Geita yanapita juu ya daraja la Kigongo hadi Busisi, kivuko hakisubiriwi tena. Maana yake maneno yale yalinakiliwa kutoka kadi ya miaka iliyopita. Kila mkinakili kadi ya dada yenu aliyeolewa zamani, tazameni sana maelezo ya njia, kwa sababu ndiyo yanayozeeka upesi. Kwenye miji ya machimbo ni zaidi: duka lililokuwa alama mwaka jana leo ni gesti, na gesti ni ghala. Kwa ukumbi tunaweka vitu vitatu peke yake, jina la ukumbi kama lilivyoandikwa kwenye bango lake, mtaa, na namba ya simu ya mtu mmoja atakayepokea siku ile. Kwa walima ya wanawake, namba iwe ya mwanamke, na asiwe bibi harusi wala mama yake, maana siku hiyo simu zao hazishikiki. Basi gani la kupanda na wapi pa kulala ni ujumbe mwingine wa kuwatumia wageni wa safari, hauna haja ya kumfikia jirani anayekuja kwa miguu.

Kwenye nguo tutakaa kidogo, maana hiyo ndiyo fani yetu. "Zambarau na dhahabu" ni maneno matatu na yanaonekana yametosha. Lakini zambarau kwa mtu anayelijua tunda lenyewe ni rangi nzito, inakaribia weusi. Kwa wauza vitambaa wa Kahama ni chochote kuanzia urujuani mwepesi hadi bilinganya. Wanawake 60 wakienda kila mmoja kwenye duka lake na neno hilo mkononi, mtaona zambarau za aina 10 kwenye picha moja. Na simu haisaidii, kwa sababu kitambaa kilichopigwa picha juani kinapauka na kilichopigwa chini ya taa nyeupe kinaingia ubuluu. Hata jora mbili za kiwanda kimoja zinaweza kupishana kidogo. Mshonaji analiona hilo akizilaza pamoja mlangoni penye mwanga wa asubuhi.

Tulifanya hivi. Kitambaa kilinunuliwa jora kwa jora kutoka duka moja, na kila kadi ya sare ilibanwa kipande cha sentimita tatu kwa tatu. Kwenye maneno tuliandika "zambarau ya bilinganya", kwa sababu bilinganya kila mtu anaijua, wa Unguja anaijua na wa Katoro anaijua. Habari ya sare haikungoja kadi. Ilitangulia mwezi na nusu, kwani mshonaji anayepewa nguo siku nne kabla atashona, lakini msimlaumu pindo likitatarika. Kadi inakuja kumkumbusha mgeni rangi, si kumwagiza kitambaa.

Tatizo jingine la nguo lilikuwa kile ambacho karatasi haikusema. Nusu ya majirani wa Nyankumbu waliokuwa wakialikwa si Waislamu. Neno "stara" kwao ni la watu wengine, na "vazi la heshima" wao wanalijua kuwa ni suti ya sketi fupi na mikono mifupi, ndiyo wanayoendea kanisani na harusini. Mama wa watu akija hivyo na kuona wenzake wote wamejitanda, ataona aibu mbele za watu kwa kosa lisilo lake. Kwa hiyo tuliondoa neno kubwa tukaandika nguo yenyewe: gauni refu la mikono mirefu, na mtandio. Jambo hili linawahusu hata nyinyi wa visiwani mnaoalika wenzenu wa kazini kutoka bara.

Aje na nani, hilo pia ni la kuandika. Kadi za huku zinagongwa muhuri wa "singo" au "dabo", ya mtu mmoja au ya mume na mke. (Najua mmecheka. Mama mmoja wa Pemba aliposoma "singo" pembeni mwa kadi alimpigia bibi harusi kumuuliza kama ile siku ya kusingwa nayo wamealikwa watu wa nje.) Kwa walima ya wanawake kadi ya dabo ni balaa, mgeni atakuja na mumewe mpaka mlangoni, na mumewe atarudishwa mbele ya watu. Tulifuta "Bw./Bi./Bw. na Bi." na kuacha "Bi ............" peke yake, kisha tukaandika "akina mama peke yao".

Ndipo tukafika kwenye lugha. Lile angalizo la chini lilikuwa na makatazo manne, na yote yalikuwa na sababu za haki. Ila mgeni anasoma marufuku nne mfululizo kutoka kwa watu wanaodai kifuani mwao kuna furaha isiyo kifani. Sisi tunaona katazo likipewa sababu yake linageuka ombi, wala halirefuki sana. "Kupiga picha ni marufuku" ikawa "Ukumbini tutavua mabaibui, tunaomba simu zikae mikobani." Hata asiye Mwislamu ataelewa hilo na kulilinda. "Asiye na kadi hataingia" ikawa "Tafadhali njoo na kadi hii." Mlinzi wa mlango atafanya kazi ile ile. Watoto tukawaombea wabaki nyumbani. Na lile la meza za mbele tulilifuta lote, kwa idhini ya bibi harusi, kwa sababu sare ni gharama na wako wasioiweza. Mwislamu akialikwa walima na hana udhuru, wanazuoni wengi wanasema ni wajibu aitikie. Haifai kumwita mtu kwa jambo la wajibu kisha kumwonyesha kwenye kadi ile ile kwamba umaskini wake una meza yake.

Ya mwisho ilikuwa aya. Binti alitaka ile ya Suratu Rum, ya 21, iwekwe juu kwa Kiarabu na tafsiri yake, kama kadi nyingi zinavyofanya. Tulimweleza tu tunayoyaona: asubuhi baada ya shughuli, kadi ziko chini ya viti, kwenye mifuko ya taka na kwenye nyayo. Mwenyewe akasema iondoke, asomewe ukumbini. Kadi ikapungua robo kwa uamuzi huo mmoja.

Badala ya kubana nikaha, hina na walima kwenye sentensi moja, tulitengeneza kadi mbili. Ya wanaume ikachukua nikaha na msikiti. Ya wanawake ikasomeka hivi:

"Kwa heshima na taadhima, familia ya marehemu Bwana Fulani wa Geita na familia ya Bwana na Bibi Fulani wa Unguja zinakualika Bi ............ katika ndoa ya watoto wao, (jina) na (jina), Shaaban 1447.
Hina: Ijumaa 6 Februari 2026, saa 2:00 usiku, nyumbani kwa bibi harusi, Nyankumbu, Geita.
Walima ya akina mama peke yao: Jumapili 8 Februari 2026, saa 8:00 mchana, ukumbi wa (jina), Nyankumbu.
Vazi: gauni refu la mikono mirefu na mtandio. Sare kwa atakayependa: zambarau ya bilinganya, mtandio wa dhahabu.
Ukumbini tutavua mabaibui, tunaomba simu zikae mikobani na watoto wabaki nyumbani. Tafadhali njoo na kadi hii.
Kwa kuuliza: (jina na namba)."

Kwa wenye simu za kitochi tulitoa ujumbe wa maneno: "Karibu walima ya akina mama, ndoa ya mwanetu (jina). Jumapili 8 Februari, saa 8 mchana, ukumbi wa (jina), Nyankumbu, Geita. Gauni refu na mtandio." Ni herufi 146 pamoja na nafasi, na ujumbe mmoja unabeba 160. Msitie ua wala moyo wala herufi za Kiarabu, kwani ikiingia hata moja nafasi inashuka hadi 70, ujumbe unakatwa vipande, na mnalipia kila kipande.

Baba mdogo tulimsomea kadi kwa sauti, polepole. Mlioisoma vizuri mmeona "kwa heshima na taadhima" imebaki. Sisi tulikuwa tumeifuta, yeye ndiye aliyeomba irudi. Alisema kaka yake, marehemu, hakupata kumwalika mtu bila maneno hayo. Tukairudisha, na kwa kuwa jina la marehemu lilikuwa linafuata hapo hapo, tukaona mahali pake ni pale. Akatuuliza kadi 250 zitakuwa tayari lini, tukamwambia Alhamisi.